Shingo Inapoinamia Simu

Dereva wa bodaboda anayesubiri abiria kijiweni huweza kuinamia simu saa nzima, kisha ashangae mabega yamekaza kama ubao. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikiwa wima, uti wa mgongo hubeba sehemu kubwa. Kikiinama, misuli ya nyuma ya shingo hujikaza muda wote kukizuia kisianguke mbele.

Kunyoosha huleta nafuu haraka. Akiwa amekaa, ashike ukingo wa kiti kwa mkono wa kulia, alaze kichwa kushoto taratibu hadi ahisi mvuto, si maumivu, atulie sekunde 20, kisha abadili upande. Wengi huishia hapo, na kesho shingo inakaza tena, kwa sababu misuli bado ni dhaifu. Kuiimarisha, arudishe kidevu nyuma bila kukiinua wala kukiinamisha, ashikilie sekunde 5, arudie mara 10 kila siku. Mabadiliko huchukua wiki kadhaa. Kuzungusha shingo kwa nguvu ili ilie hakusaidii.

Ganzi ikishuka mkononi, au mkono ukilegea, amwone daktari. Shingo ngumu yenye homa ni dharura.