Ncha Tano, Nyuzi 180

Chora nyota ya ncha tano kwa mistari mitano, bila kuinua kalamu. Ikipinda upande, ncha moja nyembamba na nyingine pana, si neno. Pima pembe ya kila ncha, kisha jumlisha zote tano. Utapata nyuzi 180, au 179, au 182 kama kipimapembe kiliteleza.

Kwa nini? Zipe ncha majina A, B, C, D na E kwa kuzunguka. Mistari yako basi ni AC, CE, EB, BD na DA. Sasa tazama ncha A peke yake. Chini yake mstari BE umekatiza miguu yake miwili, ukafanya pembetatu ndogo. Mguu AC ukatwe mahali P, na mguu AD mahali Q.

Ufunguo uko P. Pembetatu PCE ina ncha C na ncha E ndani yake, na mstari CP ukiendelezwa unafika A. Kwa hiyo pembe APQ ni pembe ya nje ya pembetatu hiyo, na pembe ya nje hulingana na jumla ya zile mbili za ndani zilizo mbali nayo. Basi pembe iliyo P ni C + E. Upande wa Q mambo ni yale yale: pembetatu QBD inatupa B + D. Pembetatu ndogo APQ sasa imebeba ncha zote tano, na pembetatu yoyote ni nyuzi 180.

Ndiyo maana mtihani ukikupa 40, 25, 38 na 50, ncha ya tano ni 27 tu. Katika nyota iliyo sawa pande zote, kama ile ya kijani kwenye bendera ya Moroko, kila ncha ni 36.

Ila jihadhari na nyota za kukatwa kwa mkasi. Weka rula kwenye ubavu wa ncha moja: usipoendelea moja kwa moja hadi kwenye ubavu wa ncha nyingine, hakuna mistari mitano hapo, na kanuni haifanyi kazi.

Wanaopenda njia ya mkato hutumia penseli. Ilaze juu ya mstari, isukume hadi kwenye ncha, izungushe kwa upana wa pembe hiyo, endelea. Baada ya ncha tano inarudi pale pale, lakini imegeuka kichwa chini: nusu duara, nyuzi 180. Mimi naipenda, ingawa ina mtego. Kwenye nyota ya ncha saba iliyochorwa kwa kuruka ncha moja moja, penseli hurudi ikiwa imegeuka vile vile, kumbe imezunguka duara moja na nusu: nyuzi 540. Ruka ncha mbili mbili, na jumla inarudi kuwa 180.