Joto Lisilopimika: Hesabu ya Hess Kwenye Jiko la Mkaa

Mkaa ukishakolea jikoni, juu ya makaa mekundu huonekana ndimi ndogo za moto wa buluu. Kinachoungua pale ni gesi ya kaboni monoksaidi, iliyozaliwa katikati ya rundo la makaa ambako hewa ni haba. Kaboni ikipata oksijeni ya kutosha hugeuka kuwa kaboni dioksaidi. Ikipunjwa oksijeni huishia njiani, ikawa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ile inayoua watu waliolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa.

Mkemia akilitazama jiko hilo hujiuliza: kaboni inapoishia njiani, hutoa joto kiasi gani? Swali linaonekana jepesi, lakini maabara hailijibu moja kwa moja. Joto la kuungua hupimwa kwa kalorimita. Kitu huchomwa ndani ya chombo imara cha chuma kilichojazwa oksijeni na kuzamishwa majini, kisha maji hupimwa yamepanda nyuzi ngapi. Kwa kaboni inayoungua kikamilifu kazi hiyo haina shida, kwani oksijeni huwekwa tele na kila chembe huungua hadi mwisho. Ukitaka kaboni monoksaidi peke yake, itakubidi upunguze oksijeni, na hapo mambo huharibika. Sehemu ya kaboni itakuwa monoksaidi, sehemu itapitiliza hadi dioksaidi, na nyingine itabaki bila kuungua. Kipimajoto kitakuonyesha joto la mchanganyiko huo wote, si la mmenyuko unaoutaka.

Njia ya kulipata joto hilo bila kulipima ilionyeshwa mwaka 1840 na Germain Henri Hess, mkemia mzaliwa wa Geneva aliyefanya kazi Saint Petersburg, Urusi. Hess alichukua asidi ya salfa, akaizimua kwa viwango mbalimbali vya maji, kisha akaichanganya na amonia. Asidi iliyozimuliwa sana ilitoa joto pungufu ilipokutana na amonia, lakini upungufu huo ulikuwa sawa na joto lililokwisha kutoka wakati wa kuizimua. Ukijumlisha hatua zote, jumla ilikuwa ile ile. Ndiyo kanuni ya Hess: joto la badiliko la kikemikali hutegemea ulikoanzia na ulikoishia, halitegemei idadi ya hatua ulizopitia katikati.

Sababu yake ni kwamba kila kitu, katika hali fulani ya joto na kanieneo, kina kiwango chake cha nishati ambacho wakemia hukiita enthalpi. Mtu anayetoka Korogwe kwenda Lushoto anaweza kupita barabara ya lami au kukata vichochoro vya milimani, lakini tofauti ya mwinuko kati ya miji hiyo miwili haibadiliki. Enthalpi nayo ni hivyo. Badiliko lake huandikwa ΔH. Mmenyuko ukitoa joto nje, enthalpi imeshuka na ΔH ina alama ya kutoa. Ukinyonya joto, ΔH ina alama ya kujumlisha.

Sasa turudi kwa kaboni yetu. Kuna mimenyuko miwili inayopimika vizuri. Wa kwanza ni kaboni kuungua kikamilifu. Wa pili ni kaboni monoksaidi, ambayo inaweza kutengenezwa kando na kusafishwa, kuunguzwa peke yake. Vipimo vyake, kwa nyuzi 25 za Selsiasi na kwa kila moli moja ya kaboni, yaani gramu 12, ni hivi:

(1) C + O₂ → CO₂  ΔH = −393.5 kJ

(2) CO + ½O₂ → CO₂  ΔH = −283.0 kJ

Tunachotafuta ni C + ½O₂ → CO. Tazama kila kitu kinatakiwa kisimame upande gani. Kaboni inatakiwa kushoto, na katika mlinganyo wa kwanza tayari iko kushoto, kwa hiyo tunauacha ulivyo. Kaboni monoksaidi inatakiwa kulia, lakini mlinganyo wa pili umeiweka kushoto, kwa hiyo tunaugeuza. Mmenyuko uliotoa joto ukigeuzwa utahitaji kurudishiwa joto lile lile, na alama hubadilika:

CO₂ → CO + ½O₂  ΔH = +283.0 kJ

Jumlisha milinganyo hiyo miwili. CO₂ iko kulia kwa mmoja na kushoto kwa mwingine, inafutika. Oksijeni iko moli moja kushoto na nusu moli kulia, inabaki nusu kushoto. Kinachosalia ni C + ½O₂ → CO, na joto lake ni −393.5 + 283.0 = −110.5 kJ. Tumelipata joto la mmenyuko ambao haukuwahi kuingia kwenye kalorimita.

Kwa mwenye jiko, tarakimu hiyo ina maana kubwa. Katika kilojuli 393.5 zilizomo ndani ya gramu 12 za kaboni, hatua ya kwanza hutoa 110.5 tu. Zile 283.0, karibu asilimia 72, zimo bado ndani ya gesi. Gesi hiyo ikikuta hewa juu ya makaa ikaungua kwa ule moto wa buluu, sufuria italipata joto lake. Ikiponyoka bila kuungua, sehemu kubwa ya kuni iliyonunuliwa imepotea hewani, na iliyopotea ni sumu.

Njia hiyo hiyo hukubali milinganyo mingi zaidi. Chukua jambo ambalo wengi wameliona: maji yakinyunyizwa kwenye makaa yaliyopamba moto, moto huweza kuruka juu kwa ghafla, na wapo wanaosema maji yameongeza joto la mkaa. Kinachotokea ni kwamba mvuke ukipita kwenye kaboni yenye joto kali huzaa gesi mbili zinazoungua, kaboni monoksaidi na hidrojeni:

C + H₂O → CO + H₂

Tunahitaji mlinganyo wa tatu, wa hidrojeni kuungua na kuwa mvuke:

(3) H₂ + ½O₂ → H₂O (mvuke)  ΔH = −241.8 kJ

Mlinganyo wa kwanza unabaki ulivyo, kwa sababu kaboni iko kushoto tunakoitaka. Wa pili unageuzwa, na wa tatu pia, kwa sababu tunataka mvuke uwe kushoto na hidrojeni iwe kulia. Tukijumlisha, CO₂ inafutika, na moli moja ya oksijeni iliyo kushoto inafutana na nusu mbili zilizo kulia. Joto ni −393.5 + 283.0 + 241.8 = +131.3 kJ. Alama ni ya kujumlisha: mmenyuko huu hunyonya joto, na makaa hupoa. Viwanda vya zamani vya Ulaya na Marekani vilivyotengeneza gesi kwa njia hii vililazimika kupuliza mvuke kwa muda, kisha kuusimamisha na kupuliza hewa ili makaa yapate moto tena.

Na ule moto ulioruka? Unguza sasa gesi zote mbili: 283.0 na 241.8 ni kilojuli 524.8. Toa 131.3 zilizokopwa kwenye makaa, zinabaki 393.5, kiasi kile kile ambacho kaboni ingetoa bila maji. Maji yamehamisha joto kutoka kwenye makaa kwenda kwenye ndimi za moto, wala hayakuongeza hata kilojuli moja. Tena yakimwagwa yakiwa maji, si mvuke, huchukua joto la ziada ili yachemke.

Hapo ndipo makosa mengi huingia. Hidrojeni ikiungua na kuishia kuwa maji badala ya mvuke, ΔH yake ni −285.8 kJ. Anayetumia namba hiyo kwenye hesabu yetu atapata +175.3 badala ya +131.3. Tofauti ya kilojuli 44 ni joto la kugeuza moli moja ya maji kuwa mvuke. Hesabu yake haina kosa. Amejibu swali la maji wakati swali lilikuwa la mvuke. Kwa hiyo hali ya kila kitu, iwe yabisi, kimiminika au gesi, iandikwe kando ya jina lake, na mvuke usifutwe kwa maji hata kama fomula zao zinafanana.

Kosa jingine ni la vipimo. Vitabu vingi huandika kuungua kwa kaboni monoksaidi hivi: 2CO + O₂ → 2CO₂, ΔH = −566.0 kJ. Ukiugeuza mlinganyo huo bila kuugawa kwa mbili, ukaujumlisha na ule wa kwanza, utapata +172.5. Usiangalie jibu peke yake. Angalia kilichosalia baada ya kufuta. Kushoto utakuta kaboni na CO₂, kulia CO mbili. Hilo ni joto la mmenyuko mwingine kabisa, ule wa kaboni dioksaidi kupita kwenye makaa na kugeuka monoksaidi, ambao kwa kweli hutokea ndani ya jiko. Ukizidisha au kugawa mlinganyo, ΔH yake izidishwe au igawanywe vivyo hivyo, na mlinganyo wa mwisho ufanane herufi kwa herufi na ule uliotafutwa.

Hata hesabu ikiwa safi, kanuni hii ina mipaka. Namba tulizotumia ni za grafiti, kaboni safi, kwa nyuzi 25. Mkaa una majivu, unyevu na vitu vingine, na jiko lina joto la mamia ya nyuzi, kwa hiyo namba za jikoni husogea kidogo. Jambo la pili ni kutoa namba kubwa kwa namba kubwa. Grafiti ikiungua hutoa kilojuli 393.5, na almasi, ambayo nayo ni kaboni, hutoa 395.4. Kwa kanuni ya Hess, kugeuza grafiti kuwa almasi ni +1.9. Lakini kalorimita iliyokosea nusu ya asilimia tu imekosea karibu kilojuli 2, na tofauti yote imemezwa na kosa. Ndiyo maana tofauti ndogo kama hiyo hudai vipimo makini mno.

Namba hiyo ndogo inatuonyesha pia kisichomo ndani ya ΔH. Kwa hesabu, almasi ikigeuka kuwa grafiti ingetoa kilojuli 1.9 kwa moli, na katika hali ya kawaida grafiti ndiyo hali tulivu zaidi ya kaboni. Hata hivyo almasi za pete hazigeuki kuwa unga mweusi, kwa kuwa atomi zake zimeshikana kiasi kwamba badiliko hilo, katika joto la kawaida, haliendi kwa mwendo wowote unaoonekana. Kanuni ya Hess hukupa joto la safari nzima, lakini haikuambii safari itachukua muda gani, wala kama itaanza.