Jina Liliitwa, Hakusimama Mtu

Kwenye sendofu kuna kipengele kifupi ambacho hakirudiwi. Bibi harusi hushika maikrofoni, huwatambulisha wazazi, ndugu, kisha marafiki, na kila anayetajwa husimama akapigiwa makofi. Rafiki yangu alipofika kwa marafiki alianza na jina langu. Hakusimama mtu. Alilitaja tena huku akitazama mlangoni, kisha akaendelea na wengine.

Muda huo nilikuwa wodini. Mimi ni muuguzi hapa Dar es Salaam, na zamu yangu ilikuwa iishe saa mbili usiku, lakini aliyetakiwa kunipokea alichelewa. Muuguzi haondoki mpaka amkabidhi mwenzake wagonjwa, kitanda kwa kitanda: nani ana dripu, nani kapewa dawa saa ngapi, nani wa kuangaliwa kwa karibu. Mwenzangu alifika saa tano kasoro. Gauni la sare lilibaki kwenye begi. Ndoa yenyewe ilikuwa ifungwe Mwanza, nyumbani kwa mume, na nilishamwambia mapema kwamba huko sitafika. Sendofu ndiyo ilikuwa shughuli yangu.

Usiku ule niliandika meseji: “Samahani shoga, kazi zimenibana, tutatafutana.” Nikaifuta. “Kazi zimenibana” husemwa hata na aliyelala nyumbani. “Tutatafutana” ni neno tunaloagana nalo tukijua kabisa hakuna atakayemtafuta mwenzake. Nikafikiria pia kumtumia pesa kwa simu. Lakini mchango nilishatoa na kadi nikapewa. Kuongeza shilingi 50,000 kungekuwa kama kulipa faini, na yeye hakudai pesa.

Nikajiuliza niliacha pengo gani hasa. Kiti changu bila shaka kilikaliwa, na chakula changu kililiwa. Zawadi ya kundi letu ilipelekwa mbele na wenzangu. Kilichokosekana ni kile cha kutambulishwa: mama yake, ambaye kwa miaka minne amesikia habari zangu bila kuniona, alikuwa anionyeshwe usiku ule mbele ya ukoo wake. Basi fidia yangu haikuwa chakula cha hotelini. Ilikuwa nyumbani kwa mama huyo.

Kabla ya kupiga simu nilishughulikia ratiba. Hili wengi tunaliruka, tukaahidi siku ambayo kazi inaweza kuichukua tena, na kukosa mara ya pili kunauma kuliko mara ya kwanza. Nilibadilishana zamu na mwenzangu kwa siku mbili, kiongozi wa wodi akaandika mabadiliko kwenye ratiba. Siku ya kwanza ilikuwa Jumapili ileile, kabla bibi harusi hajasafiri. Ya pili ilikuwa baada ya fungate, siku ambayo vyombo alivyotunzwa vingehamishwa kutoka kwa mama yake kwenda nyumba mpya.

Nilipiga saa nne asubuhi, kwa sababu najua watu wa sendofu hulala alfajiri. Nikaanza na hongera, maana shughuli ilikuwa yake. Kisha nikasema:

“Uliniita ukatazama mlango, nimeambiwa. Niwie radhi. Aliyekuwa anipokee zamu alichelewa, sikuweza kuwaacha wagonjwa. Nilikosea pia kutokukupigia saa mbili ile ile nilipoona hafiki. Jumapili niko huru, zamu nimeshabadilisha. Ukiridhia, nitakwenda kumwamkia mama saa kumi. Na siku ya kuhamisha vyombo nitakuja tangu asubuhi. Kama siku hizo hazikufai, nitajie nyingine.”

Alinyamaza kidogo. Akasema, “Nilimwambia mama atakuona leo, atakuona leo.” Hapo sikujitetea. Wala sikumuuliza kama amenisamehe, kwa sababu swali hilo humlazimisha aliyeumia aanze kumliwaza aliyemuumiza. Nikamwomba anisimulie shughuli ilivyokuwa, akasimulia karibu nusu saa, kuanzia matarumbeta hadi baba alivyolia.

Mwishowe akasema, “Jumapili njoo. Ya vyombo nitakwambia.” Alikubali moja, nyingine akaiweka, na hiyo ni haki yake.

Nilinunua doti ya kanga. Muuzaji alinifungulia kadhaa na zote nikazisoma, maana maandishi ya kanga ni salamu, na ukikosea unaweza kumpelekea mama wa watu kijembe. Nikachagua iliyombariki mzazi.

Jumapili saa kumi nilibisha hodi. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu.” Sebuleni walikuwepo shangazi wawili na mjomba mmoja, waliobaki baada ya sherehe. Rafiki yangu alitoka chumbani na kanga kiunoni, hakusema kitu kwangu. Aliwageukia wazee, akataja jina langu. Nikasimama.