Kichwa na Maelezo ya Programu ya Kulipia kwa Mwezi

Kichwa kizuri hutaja faida na mlengwa. Chukua mfano wa programu ya hesabu za ghala kwa wauzaji wa mahindi Sumbawanga. "Mfumo Bora wa Kisasa" ni kichwa dhaifu, kwani kingefaa hata programu ya saluni. Andika: "Jua Magunia Yaliyobaki Ghalani: kwa Wauzaji wa Mahindi". Faida itangulie, kwa sababu Google hukata mwisho wa kichwa kirefu, mara nyingi kikizidi herufi 60 hivi.

Maelezo yaoneshe jinsi faida inavyopatikana, na aina ya malipo: "Andika kwenye simu magunia yanayoingia na kutoka, salio hujihesabu. Kwa wenye maghala ya mahindi. Hulipiwa kila mwezi."