Fahamu: Baharia wa Wasini aende mji gani kutafuta kazi?

Kijana wa Wasini anayepeleka watalii Kisite akitaka kuhama, mara nyingi huiwazia Diani, kwa kuwa ni karibu na ina hoteli nyingi. Lakini Diani hufuata msimu uleule. Mvua za masika zikianza na kusi ikivuma, wageni hupungua na mashua nyingi hupumzishwa. Akihamia huko, atakosa kazi miezi ileile anayoikosa nyumbani.

Kwa hiyo, atafute waajiri wasiotegemea watalii. Lamu ina bandari mpya iliyoanza kazi mwaka 2021, ila meli zinazotia nanga huko ni chache kuliko za Mombasa. Mombasa ina Kilindini, tagi na feri ya Likoni, ambazo hufanya kazi mwaka mzima.

Kikwazo ni vyeti. Kwenye meli kubwa, uzoefu wa mashua hautoshi; hutakiwa mafunzo ya kuzima moto, kujiokoa baharini na huduma ya kwanza.

Basi mwenye vyeti aende Mombasa. Asiye navyo asome kwanza, na awaulize jamaa walioko huko hali ya kazi mwezi Mei, si Desemba.