Hisa Kiasi Gani, Hati Fungani Kiasi Gani?

Kugawanya uwekezaji ni kuamua sehemu gani ya fedha iende kwenye hisa, ambazo bei yake hupanda na kushuka, na sehemu gani iende kwenye hati fungani za serikali, ambazo riba yake hujulikana mapema. Kwa wanandoa wenye miaka thelathini na kitu, faida ya umri ni muda. Tanzania, ambako waajiriwa wengi hustaafu kwa lazima wakiwa na miaka 60, mume wa miaka 37 na mke wa miaka 33 wamebakiwa na miaka 23 na 27. Soko likianguka leo, wanaweza kungoja liinuke.

Kanuni moja ya zamani husema: toa umri kwenye 100, kinachobaki ndicho asilimia ya hisa. Kwa wanandoa hawa ni 63 na 67, wastani 65. Hapo ni pa kuanzia tu, maana kanuni hiyo huhesabu miaka bila kuuliza habari za kipato wala za moyo.

Tuseme wana akiba ya shilingi milioni 24 na hutumia milioni 1.5 kwa mwezi. Mke ameajiriwa, mume ana duka, na mauzo hayatabiriki. Kwanza hutengwa matumizi ya miezi sita, milioni 9, yakae benki. Bila akiba hiyo, ugonjwa mmoja unaweza kuwalazimisha kuuza hisa bei ikiwa chini, na katika Soko la Hisa la Dar es Salaam baadhi ya hisa hukawia kupata mnunuzi.

Zinabaki milioni 15. Asilimia 65 yake ni shilingi 9,750,000. Soko likishuka kwa asilimia 40, zitakuwa zimepotea 3,900,000. Hapo ndipo uvumilivu hupimwa, na upimwe kwa shilingi, kila mmoja akijibu peke yake. Mume anasema atangoja. Mke anasema hasara ikizidi 2,400,000 hatalala. Lifuatwe jibu la mke, kwa sababu mwenye hofu zaidi ndiye atakayetaka kuuza wakati mbaya kuliko wote. Gawanya 2,400,000 kwa 0.4, unapata milioni 6: hisa asilimia 40, na milioni 9 hati fungani. Ni pungufu ya kanuni, lakini ni mgawanyo watakaoweza kuushikilia.

Hati fungani nazo zina hatari yake. Ya miaka 20 ikiuzwa kabla ya kuiva, baada ya riba sokoni kupanda, bei yake huwa imeshuka. Fedha ya ada za shule za miaka mitano ijayo isiwekwe humo.

Kila mwaka uwiano ukaguliwe. Hisa zikipanda hadi asilimia 50, akiba mpya ielekezwe kwenye hati fungani mpaka uwiano urudi. Wakikaribia miaka 50 hesabu yote ifanywe upya, kwani hasara ya wakati huo itakuwa na miaka kama 10 tu ya kufidiwa.