Ankara Iliyopotelea Kwenye Vitone

Chukulia mhasibu wa kampuni anayemwandikia barua pepe fundi wa mabomba anayedai pesa zake. Anaorodhesha kwa vitone:

• Ankara ilipokelewa tarehe 3
• Namba ya oda haipo
• Malipo hufanyika Ijumaa
• Ankara mpya inahitajika

Kila mstari ni kweli, na bado fundi atapiga simu kuuliza: amenyimwa malipo, au yamechelewa tu? Vitone vimeyafuta maneno aliyoyahitaji zaidi, yaani "lakini", "kwa sababu" na "kwa hiyo".

Yaleyale katika aya yangesomeka hivi: "Ankara yako tuliipokea tarehe 3, lakini haikuwa na namba ya oda, kwa hiyo haikuweza kuingia kwenye malipo ya Ijumaa. Ukituletea nyingine yenye namba hiyo kabla ya Jumatano mchana, utalipwa Ijumaa ijayo." Sasa fundi anajua kosa liko wapi, afanye nini, na pesa zinakuja lini.

Jeff Bezos wa Amazon aliligusa jambo hili katika barua pepe ya tarehe 9 Juni 2004, aliyowapelekea viongozi wenzake kuwaeleza kwa nini mikutano yao haitatumia tena slaidi za PowerPoint. Alitaka hoja ziandikwe kwa sentensi kamili, kwa kuwa mwandishi wa aya hulazimika kuonyesha lipi ni zito kuliko lingine na yanahusianaje. Kwenye vitone yote husimama kimo kimoja, na tarehe ya mwisho ikitupwa mstari wa tano haionekani kuwa nzito kuliko salamu.

Hata hivyo, mhasibu huyohuyo akihitaji nyaraka kwa ajili ya kumsajili fundi, aya itamponza. Akizifululiza kwenye sentensi moja nakala ya kitambulisho, namba ya mlipakodi, barua ya benki na leseni ya biashara, fundi anayesoma kwenye simu ataleta tatu na kusahau moja. Hapo orodha ndiyo mahali pake.

Njia nyepesi ya kupima ni kuipangua mistari. Leseni ikitangulia kitambulisho, hakuna kinachoharibika, basi vitone vinatosha. Kama ni hatua za kufuatana, au majibu yanatarajiwa kwa kila kipengele, ziwekwe namba, ili fundi ajibu kwa kifupi: "Namba 3 nitaleta Alhamisi." Lakini mistari ikipanguliwa na maana ikavunjika, kama ilivyo kwa ile habari ya ankara, hiyo ni aya iliyokatwakatwa.

Namba nazo zina hatari yake. Programu nyingi huzipanga zenyewe. Mtu akifuta kipengele cha 2 anapojibu, cha 3 kinageuka cha 2, na ile ahadi ya Alhamisi inahamia kwenye waraka mwingine. Katika mawasiliano ya kurudiana, ni salama kutaja jina pamoja na namba: "Namba 3, barua ya benki."